Uzi: Ukuta wa magharibi Kisumu, kope za alumini kwenye Grasshopper. Mbona hazifuati jua?

mchoraji_ksm

Habari zenu wakuu. Niko Kisumu, kwenye ofisi ndogo ya michoro. Tumepewa jengo la ghorofa tatu upande wa Milimani, na ukuta wake mrefu unatazama ziwa, yaani magharibi. Una mita 18 kwa urefu na 9 kwenda juu. Mteja anataka uvalishwe shiti za alumini zilizotobolewa, na kila tundu liwe na kope. Hatukati kipande tukakitupa. Tunakikata pande tatu, kinabaki kimeshika upande wa juu, halafu kinakunjwa nje kama kope ya jicho. Anataka kope zifunguke sana sehemu fulani na kidogo sehemu nyingine kufuatana na jua, ili ukiwa barabarani uone ukuta kama maji yanayotembea.

Nimegawanya ukuta kwa `Divide Domain²` na `Isotrim`, nikapata paneli 1,800 za milimita 300 kwa 300. Kila paneli ina tundu la milimita 240 kwa upana na 200 kwa kimo. Vekta ya jua inatoka kwenye `LB SunPath`, uelekeo wa kila paneli unatoka kwenye `Evaluate Surface`, vyote viwili vinaingia kwenye `Angle`. Jibu linapitia `Bounds` na `Remap Numbers` liwe kati ya digrii 30 na 90, na hiyo ndiyo pembe ya kukunja kope.

Shida ni mbili. Napata madoadoa yaliyotapakaa ovyo, hakuna mtiririko wowote. Tena nikisogeza slaida ya saa kutoka 14 hadi 17, madoa yanahama tu, ukuta wote haufungi wala haufunguki. Nimekaa nayo siku nne. Naomba msaada.

Jirani_wa_Ziwa

Dada, hizo kope zitaendeshwa na mota ngapi? Maana 1,800 ni nyingi, na stima ikipotea jioni zitabaki zimekwama. Mimi ningeweka sensa moja kila ghorofa.

mchoraji_ksm

Hapana kaka, hakuna mota. Zinakunjwa mara moja karakanani na kubaki hivyo. Jua linaingia kwenye hesabu tu, wakati wa kuchora.

Jirani_wa_Ziwa

Sawa, nilikuelewa vibaya. Niliposoma kwamba zinafuata jua nikadhani zinatembea, kama yale majengo ya Abu Dhabi.

mzee_wa_vivuli

Al Bahar Towers, za 2012. Hizo kweli zinajikunja na kujikunjua. Kabla yao kulikuwa na Institut du Monde Arabe kule Paris, 1987, yenye mboni za chuma upande wa kusini. Mboni nyingi zilikaa miaka bila kufanya kazi. Umefanya vema kukaa mbali na mota.

Sasa tuje kwenye madoa yako. Fanya jambo moja kabla ya kuendelea. Toa waya kwenye `Angle`, panga namba zote 1,800, kisha toa ndogo kabisa kwenye kubwa kabisa. Nipe jibu.

mchoraji_ksm

Shikamoo mzee. Kwenye `Panel` namba zote zinaonekana sawa, 0.868. Nilipotoa ndogo kwenye kubwa nimepata kitu kama 2.2e-16.

mzee_wa_vivuli

Marahaba. Hapo ndipo penye ugonjwa wote.

Ukuta wako ni bapa, kwa hiyo paneli zote 1,800 zinatazama upande mmoja. Jua nalo liko mbali kiasi kwamba miale yake inafika sambamba, paneli ya kona ya chini kushoto inapigwa kwa pembe ileile na ya kona ya juu kulia. Ukiuliza ukuta bapa "jua linakupiga kwa pembe gani?" unapata jibu moja tu, limerudiwa mara 1,800. Hakuna mtiririko wa kuutoa humo.

Madoa yametoka wapi basi? Hiyo 2.2e-16 ni masalio ya kompyuta kukokotoa desimali, haina maana yoyote. Lakini `Bounds` imeipokea kama tofauti halisi na `Remap Numbers` ikaivuta ijaze digrii 30 hadi 90. Umechora vumbi la hesabu kwenye ukuta wa mtu.

Na ndiyo sababu slaida ya saa haifanyi kitu. `Bounds` inajipima upya kila ukisogeza saa. Hata kama ukuta ungekuwa wa mviringo, saa nane mchana na saa kumi na moja jioni vingekupa kope zilezile za kati ya 30 na 90, kwa sababu kila mara ndogo kabisa inageuzwa 30 na kubwa kabisa inageuzwa 90. Pembe halisi imeshafutwa njiani. Ng'oa hiyo `Bounds`. Mipaka ya pembe iandike wewe kwa mkono, au usi-`Remap` kabisa.

mchoraji_ksm

Mzee, nimeng'oa. Sasa ukuta mzima una pembe moja, na mteja anataka mtiririko. Nikunje ukuta wenyewe uwe wa mawimbi?

Injinia_Shikuku

Usihangaike na kope za kulala. Kanuni inajulikana: kusini na kaskazini weka mapezi ya kulala, mashariki na magharibi weka mapezi ya kusimama, kwa sababu jua la jioni liko chini na kope ya juu haiwezi kulizuia. Geuza kope zako zishikilie upande wa kushoto au kulia, basi. Mtiririko utaupata kwa kubadilisha upana.

mzee_wa_vivuli

Injinia, kanuni hiyo imeandikwa kwa miji iliyo mbali na ikweta. Kisumu iko karibu 0.1 kusini, na mstari wenyewe unapita Maseno. Hapa mwezi Machi na Septemba jua linachomoza mashariki kamili, linapanda hadi utosini, na linashuka magharibi kamili. Alasiri nzima linaupiga ukuta wa magharibi kutoka mbele, halichepuki kushoto wala kulia. Pezi lililosimama wima na kutoka nje moja kwa moja linalizuiaje? Linatupa kivuli chembamba kama unene wa shiti yenyewe.

Kope ya kulala ndiyo inayofanya kazi, na kwenye ikweta ina zawadi moja ambayo wenzetu wa mbali hawana. Kivuli chake hakijali mwezi. Simama kando ya ukuta wa magharibi, utazame kaskazini ukiufuata ukuta wenyewe. Jua la Juni linapita upande wa kaskazini, la Desemba upande wa kusini, lakini kwa mtu anayetazama kando ya ukuta, saa kumi ya Juni na saa kumi ya Desemba vinalala kwenye mstari mmoja. Pembe ya kivuli inategemea saa peke yake.

Kwa hiyo hesabu ni fupi. Saa zetu zinafuata longitudo 45, Kisumu iko 34.75, tofauti ni digrii 10.25, karibu dakika 41. Jua linakuwa katikati ya anga saa sita na dakika 41, wala si saa sita kamili.

```
H = (saa - 12) * 15 - 10.25
theta = 90 - H
kope = min(90, 2 * theta)
```

`H` ni digrii ambazo jua limesogea tangu katikati ya anga, na `theta` ni pembe ya kivuli kutoka mlalo. `kope` ni pembe ya kope kutoka ukutani: 0 imefungwa, 90 imetoka mlalo kabisa. Hiyo mara mbili inatokana na jinsi kope yako ilivyokatwa. Kwa kuwa imetoka kwenye tundu lenyewe, urefu wake ni sawa na kimo cha tundu, milimita 200 kwa 200. Chora pembetatu yenye bawaba juu, ncha ya kope nje, na mdomo wa chini wa tundu. Pande mbili ziko sawa, na mwale unaogusa ncha na kuishia kwenye mdomo wa chini ndio upande wa tatu. Pembe ya pale juu inakuwa mara mbili ya theta.

Ukitaka kuzuia jua mpaka saa kumi, theta ni 39.75, kope 79.5. Mpaka saa kumi na moja, theta ni 24.75... ngoja, nimeanza kuandika kwa kichwa. H ya saa 16 ni 60 kutoa 10.25, yaani 49.75, theta 40.25, kope 80.5. H ya saa 17 ni 64.75, theta 25.25, kope 50.5. Shika hizo za pili.

Na hapo ndipo mtiririko wako ulipo. Kinachotofautiana kutoka paneli hadi paneli ni nani amekaa nyuma yake na anahitaji kivuli mpaka saa ngapi. Uipe kila paneli saa yake, na pembe itoke kwenye saa hiyo.

mchoraji_ksm

Nimesoma mara tatu ndipo ikaniingia. Nyuma ya ukuta kuna ngazi upande wa kusini, kisha korido fupi, kisha ofisi za wazi hadi mwisho wa kaskazini. Watu wa ofisi wanatoka saa kumi na moja. Ngazini hakuna anayekaa.

Nimefanya hivi: umbali wa kila paneli kutoka ukingo wa ngazi unaingia kwenye `Remap Numbers`, na mipaka nimeiandika mwenyewe kwa `Construct Domain`, mita 0 hadi 6 iwe saa 15 hadi 17. Nikachukua `Clipped` badala ya `Mapped`, ili paneli zilizo mbali zaidi ya mita 6 zibaki kwenye 17. Kwenye ngazi kope zinatoka 90, zinashuka taratibu, ofisini zinafika 50. Mtiririko umepatikana. Nimefurahi sana.

Bati_Kibuye

Habari ya kazi. Mimi ni fundi wa shiti. Kabla hamjafika mbali, nyinyi mnaandika 50.5 na 80.5 lakini hakuna anayekunja nusu digrii. Alumini ikikunjwa inarudi nyuma kidogo ukiiachilia, na inarudi tofauti kwa kila unene na kila aina. Kope 1,800 zenye pembe tofauti maana yake fundi anasoma karatasi 1,800. Atachoka kufikia mia ya kwanza, na baada ya hapo anakunja kwa macho. Nipe pembe tano, nikate vipimo vitano vya ubao, kila kope ipimwe kwa ubao wake. Na kila paneli iandikwe namba yake kwa nyuma kabla haijatoka kwenye mashine ya kukata.

mzee_wa_vivuli

Msikilize fundi. Pembe tano zinatosha, na mtiririko utaonekana vilevile kwa mtu aliye barabarani. Ila unapokadiria, shuka kwenye pembe ndogo iliyo karibu, usipande. Kope iliyofunga zaidi kidogo inakupunguzia mwanga kidogo. Iliyofunguka zaidi inampiga mtu jua usoni kila siku.

Wambui_Nax

Naomba kuingilia. Mimi niko Nakuru, nina zahanati yenye ukuta wa mashariki. Asubuhi ni baridi na wagonjwa wanapenda jua kwenye benchi, lakini kufikia saa tatu linaanza kuwasumbua. Hesabu hii inafaa mashariki?

mzee_wa_vivuli

Inafaa, dada Wambui, ila geuza swali. Mwenzako anazuia jua mpaka saa fulani, wewe unaliruhusu mpaka saa fulani. Nakuru iko longitudo 36.07, kwa hiyo badala ya 10.25 weka 8.93, na uchukue H bila alama ya kutoa. Saa tatu asubuhi ni 9 kwenye kompyuta: 45 jumlisha 8.93, H ni karibu 54, theta 36, kope 72. Kabla ya saa tatu jua linapita chini ya kope na kufika benchi, baada ya hapo kivuli kinafunika tundu lote. Kama ukuta ni mashariki kweli.

Wambui_Nax

Asante mwalimu. Nitapima ukuta kesho.

mchoraji_ksm

Mzee, hilo neno lako la mwisho limenishtua. Nimekwenda sait leo na dira. Ukuta wetu si magharibi kamili. Umegeuka digrii 15 kuelekea kaskazini, unatazama 285. Kwenye modeli niliuchora umenyooka na mhimili wa Y kwa sababu ilikuwa rahisi, na `north_` sikuigusa. Je, ile zawadi ya ikweta imepotea?

mzee_wa_vivuli

Imepungua. Ukuta ukigeuka, Juni na Desemba vinaachana. Kwa ukuta wa 285 saa kumi, pembe ya kivuli ni karibu 38 mwezi Juni, 41 Machi, na 46 Desemba. Juni jua linaelekea kaskazini, upande uleule ambao ukuta wako umegeukia, kwa hiyo linaupiga kutoka mbele zaidi na kuingia chini zaidi.

Acha ile kanuni fupi, rudi kwenye vekta. Rekebisha `north_` kwanza. Halafu kwa kila saa unayoitaka, ipe `LB SunPath` siku zote za mwaka kwa saa hiyo, hesabu theta ya kila siku, na uchukue iliyo ndogo kabisa.

```python
import math
def theta(v, n):
    mbele = -(v.X*n.X + v.Y*n.Y)
    juu = -v.Z
    if mbele <= 0: return 90.0
    return math.degrees(math.atan2(juu, mbele))

t = min(theta(v, n) for v in vekta)
kope = max(0.0, min(90.0, 2*t))
```

Alama za kutoa zina sababu yake. Vekta za `LB SunPath` zinaelekea mwale unakokwenda, yaani chini kutoka kwenye jua, wakati `n` inatoka ukutani kwenda nje. Ukisahau kugeuza, au kama `n` inatazama ndani ya jengo, `mbele` inakuwa hasi na kila kope inatoka 90. Ukiona ukuta mzima umefunguka sawasawa, anza kukagua hapo.

Faida nyingine ya kupitia siku zote ni kwamba inakamata jambo ambalo mimi nililiruka. Jua halifiki katikati ya anga dakika ileile mwaka mzima. Kwa Kisumu, mwanzoni mwa Novemba linafika kama saa sita na dakika 25, katikati ya Februari karibu saa sita na dakika 55. Novemba saa kumi ya ukutani ni saa ya jua iliyosogea mbele, na kivuli ni kifupi kuliko unavyotarajia.

mchoraji_ksm

Kuna jambo. Nimeiendesha, saa 16 inanipa theta karibu 23. Wewe umesema 38 na kuendelea. Vekta nimegeuza, `n` inatazama nje, `north_` nimeweka.

mzee_wa_vivuli

Umepotea karibu digrii 15, na hiyo ni saa nzima. Hukutumia faili ya hali ya hewa, siyo? Umeandika longitudo na latitudo mwenyewe kwenye `LB Construct Location`?

mchoraji_ksm

Ndiyo. Niliandika -0.1 na 34.75. `_time_zone_` niliiacha wazi.

mzee_wa_vivuli

Ukiiacha wazi inajikisia kutoka kwenye longitudo. 34.75 gawanya kwa 15 ni 2.3, ikachukua 2. Kenya ni 3. Andika 3. Njia ya kulitambua kosa hili ni kutazama jua lako linavuka katikati ya anga saa ngapi. Ukiona ni kama saa tano na dakika 41, uko kwenye 2.

mchoraji_ksm

Imekaa. Saa 16 sasa theta ndogo kabisa ni 37, kope 74. Saa 17 ni 23, kope 46. Saa 15 inazidi 45, kwa hiyo kope ni 90. Bati_Kibuye, pembe zako tano ni hizi: 46, 56, 66, 76 na 90. Naomba bei ukipata nafasi.

Injinia_Shikuku

Nimekaa kimya kwa sababu hoja ya Machi ilikuwa sahihi, nakubali. Lakini bado kuna jambo mmelipita. Hesabu yenu inatazama ukuta kwa ubavu, kana kwamba kope ni ndefu bila mwisho. Kope yake ina upana wa milimita 240. Desemba saa kumi, kwa ukuta wa 285, jua liko karibu digrii 45 pembeni, upande wa kusini. Kope ya digrii 74 imetoka nje kama milimita 192. Kivuli chake kinasogea kaskazini karibu milimita 190 kati ya 240. Tundu lake mwenyewe linabaki wazi upande wa kusini!

mzee_wa_vivuli

Injinia, hapo umenishika, na ni hoja nzito. Kinachookoa ni jirani. Kope ya upande wa kusini nayo inasogeza kivuli chake vilevile na kulifunika tundu hili. Baina ya kope na kope kuna shiti ya milimita 60, na ni upana huo tu unaopitisha jua, utepe mmoja kwa kila tundu. Ila hilo ni kweli pale jirani anapokuwa na pembe ileile au inayokaribiana. Na tundu la mwisho wa safu upande wa kusini halina jirani kabisa.

mchoraji_ksm

La mwisho upande wa kusini ni ngazi, hilo linavumilika. Ule utepe unanisumbua. Nipunguze 60 iwe 30?

Bati_Kibuye

30 hapana. Ukikata matundu karibu hivyo, ile sehemu inayobaki inapinda wakati wa kukunja, shiti nzima inageuka wimbi. Na upepo wa ziwa jioni unajulikana, itapiga kelele usiku kucha. Mimi sishuki chini ya 50 kwa shiti ya milimita 3. Kama utepe unawasumbua, ongezeni shavu dogo upande mmoja wa kope, lakini hiyo ni mkunjo wa pili na bei inapanda.

Injinia_Shikuku

Shavu la upande wa kusini ndilo pezi la kusimama nililolisema mwanzo.

mzee_wa_vivuli

Ndilo, na kwa Desemba liko mahali pake. Dada, weka kope zako halisi kwenye `LB Direct Sun Hours`, na nyuma yake uweke meza kama mesh, kwa alasiri za Desemba peke yake. Utaona utepe unaangukia wapi. Ukianguka sakafuni karibu na ukuta, achana na shavu. Ukifika mezani, lipia mkunjo wa pili kwenye safu za usawa wa meza tu.

Jirani_wa_Ziwa

Mimi si mtu wa michoro, lakini nimekulia Dunga na nina swali. Jioni jua linatupiga mara mbili, mara moja kutoka juu na mara ya pili kutoka majini. Kadiri linavyoshuka ndivyo maji yanavyong'aa. Hizo kope zimefunguka upande wa chini. Mwanga wa ziwani utazuiwa na nini?

mzee_wa_vivuli

Swali zuri sana, na mwanga huo kope hizi haziuzuii hata kidogo. Mwale unaogonga maji ukiwa digrii 25 unarudi juu kwa digrii 25, unaingia moja kwa moja chini ya kope. `LB SunPath` haijui kama kuna ziwa. Inategemea ghorofa na kilichopo kati ya jengo na maji. Kama kuna miti au nyumba katikati, ghorofa ya chini na ya kwanza zimekingwa. Ile ya juu ndiyo ningeiangalia.

mchoraji_ksm

Ghorofa ya juu tunaona maji wazi juu ya miti. Sijui nifanye nini hapo. Nimefikiria kuzigeuza kope za safu za juu zishikilie chini, lakini basi jua la juu linaingia.

Injinia_Shikuku

Pazia la ndani la kuvuta kutoka chini kwenda juu. Si kila kitu kitatoka kwenye shiti.

mzee_wa_vivuli

Huenda. Kwanza nenda kasimame pale juu saa kumi na nusu jioni yenye jua, uone kama mng'ao unafika kichwani mwa mtu aliyekaa. Usiitatue shida kabla hujaiona.

mchoraji_ksm

Narudi na jibu. Nilikata katoni, tundu 200 kwa 240, kope nikaikunja 74 kwa kipimapembe, nikaifunga kwenye kiunzi cha dirisha la ghorofa ya kwanza nikiwa nimeinyoosha kwa pima maji. Ilikuwa jana, katikati ya Julai, anga safi. Saa kumi kasoro robo kivuli kilipita mdomo wa chini kwa vidole viwili. Saa kumi kamili bado kilikuwa kimefunika. Utepe wa kwanza wa mwanga ulitokea kwenye mdomo wa chini saa kumi na dakika tisa.

Nikaenda kwenye modeli nikaweka tarehe ya jana. Ilikuwa inasema saa kumi na dakika nane.

Ghorofa ya juu nilipanda saa kumi na nusu. Mng'ao upo, unapiga dari kwanza na kushuka ukutani upande wa ndani. Haukuwa umefika machoni mwa mtu aliyekaa, lakini nilishuka kabla ya saa kumi na moja kwa sababu mlinzi alikuwa anafunga. Nitarudi siku nyingine nikae mpaka mwisho.

Bati_Kibuye

Hiyo katoni ilete karakanani dada, niikunje kwa alumini kabla sijakupa bei.

Wambui_Nax

Nami nimepima ukuta wangu. Umegeuka digrii 30 kuelekea kusini. Naona nahitaji ile skripti ndefu. Kwenye `n` naandika nini?